Kushusha mstari ndani ya seli moja ya Excel na kupandisha sehemu tu ya maandishi yake

Swali: "Natengeneza jedwali la makadirio ya ujenzi kwenye Excel. Nikibonyeza Enter ili maneno ya pili yashuke ndani ya seli ile ile, naruka kwenye seli ya chini. Nikitaka 3 ya m3 ipande juu, seli nzima inapanda na kuwa ndogo. Na ile niliyofanikiwa kuipandisha, nikiivuta kwa fomula kwenye shiti nyingine inarudi kuwa m3 ya kawaida. Nakosea wapi?"

Jibu: Mambo mawili unayoyataka yanafanana machoni, lakini Excel inayahifadhi kwa namna mbili tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza karibu kila kinachokusumbua. Mkato wa mstari, yaani pale maneno yanaposhuka chini ndani ya seli, ni alama halisi iliyomo katika maandishi. Haionekani, lakini inahesabiwa kama herufi nyingine yoyote na inakwenda popote maandishi yanapokwenda. Kupandishwa kwa ile 3, kwa upande mwingine, ni vazi tu. Chini ya vazi hilo herufi imebaki kuwa 3 ile ile, na fomula, ambayo huchukua maudhui ya seli bila mapambo yake, haina njia ya kuliona. Ndiyo maana mstari ulioushusha utafika salama kwenye shiti ya pili, ilhali kipeo chako kitafika kikiwa kimevuliwa.

Tuanze na mkato wa mstari, kwa sababu ndio mwepesi zaidi. Tuseme unataka kichwa cha safuwima ya nne kisomeke "Kiasi" juu na "(m3)" chini yake. Andika Kiasi, kisha shikilia kitufe cha Alt na ubonyeze Enter. Kistari kinachometa kitashuka ndani ya seli ile ile, nawe utaendelea kuandika (m3) na kumaliza kwa Enter ya kawaida. Kwenye kompyuta za Mac vitufe ni Control, Option na Return kwa pamoja. Ikiwa kichwa kilishaandikwa katika mstari mmoja, simama kwenye seli, bonyeza F2 ili kuifungua kwa kuhariri, sogeza kistari hadi kabla tu ya mabano kwa vitufe vya mishale, kisha Alt na Enter. Hapo watu wengi husahau jambo dogo: ile nafasi iliyokuwa kati ya neno na mabano inabaki mwishoni mwa mstari wa kwanza. Haionekani, ila kichwa kilichowekwa katikati kitaonekana kimeegemea kidogo kushoto, na baadaye nafasi hiyo itakusumbua unapotafuta kichwa hicho kwa fomula. Ifute kwanza, ndipo ushushe mstari.

Unapotumia Alt na Enter, Excel yenyewe huwasha `Wrap Text` kwenye seli hiyo, kitufe ambacho utakikuta katika ukurasa wa `Home`. Kitufe hicho ndicho kinachoruhusu mkato uonekane. Mtu akikizima, maneno yatarudi kujipanga katika mstari mmoja, "Kiasi(m3)", utadhani mkato umefutika, kumbe bado umo. Ukikiwasha tena, mstari unashuka pale pale. Vilevile, kama kimo cha safumlalo kiliwekwa kwa mkono au seli zimeunganishwa, Excel haitakiongeza yenyewe, na mstari wa pili utafichika chini ya ukingo wa seli. Safumlalo ya kawaida hurekebishika kwa kubofya mara mbili mpaka wake wa chini, upande wa kushoto kabisa penye namba. Seli zilizounganishwa hazitii njia hiyo, na kimo chake utalazimika kukipanga mwenyewe. Kwa sababu hiyo mimi siziungi seli za vichwa katika jedwali lenye mikato.

Nitoe pia maoni yangu kuhusu wakati wa kutumia mkato. Uweke mahali ambapo maana yenyewe inagawanyika, kama jina la kipimo na kizio chake, au maelezo ya kazi na uwiano wa mchanganyiko. Usiutumie kulazimisha sentensi ndefu iingie katika safuwima nyembamba, kwa kuwa kazi hiyo inafanywa na `Wrap Text` peke yake, nayo hupanga mistari upya kila upana unapobadilika. Mkato ulioandikwa haubadiliki: ukiipanua safuwima mwezi ujao, maelezo yatabaki yamekatika katikati ya sentensi, na itakubidi upite seli moja moja kuyaunga.

Sasa kipeo. Seli nzima inapanda na kuwa ndogo kwa sababu unaichagua seli, kisha unaamuru. Excel inatii amri yako kwa kila kilichomo. Unachotakiwa kuchagua ni herufi iliyo ndani. Simama kwenye seli, bonyeza F2, peleka kistari hadi kabla tu ya 3, shikilia Shift na ubonyeze mshale wa kulia mara moja, uone kuwa 3 pekee ndiyo imepakwa rangi. Kisha bonyeza Ctrl na 1. Dirisha la `Format Cells` litafunguka, na hapa kuna dalili nzuri ya kujua kama uko njia sahihi: ukiwa umechagua sehemu ya maandishi, dirisha hilo huja na ukurasa mmoja tu, `Font`. Ukiona kurasa nyingine kama `Number`, `Alignment` na `Border`, bado umechagua seli nzima. Funga dirisha na uanze tena kwa F2. Ndani ya ukurasa wa `Font` weka alama kwenye `Superscript`, bonyeza `OK`, kisha Enter ili kuifunga seli. Kwa herufi inayoshuka chini, kama 2 ya CO₂, utachagua `Subscript`, iliyo jirani yake.

Andika maandishi yote kwanza, ndipo urudi kupandisha. Ukipandisha 3 kisha ukaendelea kuandika papo hapo baada yake, herufi mpya hurithi vazi la iliyotangulia, na utashangaa maneno "kwa siku" nayo yamepaa juu. Usishtuke pia kuona upau wa fomula, ule ulio juu ya jedwali, ukiendelea kuonyesha m3 bila kipeo. Upau huo huonyesha maudhui na kuyaacha mapambo, kwa hiyo utautumia kama kioo cha ukweli: kinachoonekana pale ndicho ambacho fomula zitakichukua.

Hapo tunafika kwenye shiti yako ya pili. Ukiandika fomula kama hii,

```
=Makadirio!D3
```

Excel inachukua maudhui ya seli D3, ambayo ni Kiasi, mkato, na (m3), basi. Wala huwezi kwenda kwenye seli hiyo ya fomula ukachagua 3 peke yake, kwa kuwa ukibonyeza F2 utakachokiona ni fomula yenyewe, na matokeo ya fomula hupokea sura moja kwa seli nzima. Jina la chati lililounganishwa na seli lina kikomo hicho hicho. Hapa hujakosea; hivyo ndivyo Excel ilivyoundwa. Kama shiti ya pili ni ya kuchapishwa tu na vichwa havitabadilika, nakili seli kwa Ctrl na C kisha Ctrl na V, na kipeo kitahamia pamoja nayo. Kama ni lazima iwe fomula, kipeo kinapaswa kuwa maudhui.

Jambo hilo linawezekana, kwa sababu katika orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, Yunikodi, zimo tarakimu zilizozaliwa zikiwa juu. Hii ³ ni herufi kamili yenye namba yake, 179, kama vile 3 ya kawaida ilivyo na namba 51. Nayo ² ni 178. Kwenye Windows, kama kibodi yako ina vitufe vya namba upande wa kulia, hakikisha Num Lock imewaka, shikilia Alt, andika 0179 kwa vitufe hivyo, kisha achilia, ³ itatokea. Kwa kompyuta mpakato isiyo na vitufe hivyo, nenda `Insert` kisha `Symbol`, au andika katika seli tupu

```
=UNICHAR(179)
```

kisha unakili matokeo na kuyabandika kama thamani. Tarakimu kuanzia ⁴ hadi ⁹ ziko kwenye 8308 hadi 8313, alama ya kutoa iliyo juu ni 8315, na zile za chini kuanzia ₀ hadi ₉ ziko kwenye 8320 hadi 8329. Kazi ya `UNICHAR` ipo tangu Excel ya 2013. Anayeandika vizio siku nzima anaweza kufungua `File`, `Options`, `Proofing`, `AutoCorrect Options` na kuamuru kifupisho fulani kigeuke m³ kila kinapoandikwa. Chagua kifupisho kisichogongana na kitu kingine, kwa mfano `m3x`, wala usichague `m3` yenyewe, kwa kuwa M3 ni jina la seli na hutaki kuchanganya mambo mawili hayo.

Ukiwa na ³ ya namna hii, fomula inaweza kujenga maandishi yote, mkato pamoja na kipeo. Mkato katika fomula huandikwa `CHAR(10)`, kwa kuwa 10 ndiyo namba ya alama hiyo:

```
="Zege la msingi"&CHAR(10)&TEXT(D7,"0.00")&" m³"
```

Ikiwa kiasi kilicho katika D7 ni 2.52, matokeo yatakuwa "Zege la msingi" juu na "2.52 m³" chini, lakini kwa sharti moja: Excel haiwashi `Wrap Text` yenyewe pale mkato unapotoka kwenye fomula. Usipoiwasha kwa mkono utaona maneno yameungana, "Zege la msingi2.52 m³", na hilo ndilo linalowafanya wengi waamini kuwa `CHAR(10)` haifanyi kazi.

Kwa hiyo njia ni mbili, na hukumu yangu ni hii: kwa ² na ³ za vizio, tumia herufi za Yunikodi daima. Zinaokoka katika fomula, katika chati, katika faili la CSV na katika programu nyingine. Vazi la `Superscript` liachie mambo ambayo hayana herufi yake tayari, kwa mfano neno zima linaloshushwa chini ya alama ya hesabu, au kipeo chenye herufi zisizopatikana katika fonti unayotumia. Lijaribu hilo kwenye fonti yako kabla ya kujenga jedwali zima: andika ² ³ ⁴ ⁵ kwa mfuatano na uzitazame kwa makini. Katika fonti nyingine ² na ³ zina umbo moja na ⁴ inayofuata inaonekana nyembamba au imekaa kimo tofauti, kwa sababu imeazimwa kutoka fonti ya akiba.

Kuna mahali pamoja ambapo kupandisha herufi kunaharibu hesabu yenyewe badala ya sura tu, na katika makadirio ya ujenzi pako karibu sana, kwa hiyo nitapaeleza kwa kirefu. Chukua msingi wenye urefu wa mita 28, upana wa mita 0.6 na unene wa zege wa mita 0.15. Ujazo wake ni mita za ujazo 2.52. Tuseme bei ni shilingi 250,000 kwa kila mita ya ujazo. Seli F7 yenye fomula `=D7*E7` itatoa 630,000. Sasa unataka kuweka kialama kidogo cha 1 juu ya 2.52, ili msomaji ashuke chini ya jedwali asome tanbihi kwamba kipimo kimechukuliwa kwenye mchoro na si eneo la kazi. Unafungua seli, unaandika 1 mwishoni, unaichagua, unaipandisha, unabonyeza Enter. Kwa kuwa kilichomo ni tarakimu tupu, Excel inakisoma kama namba, na namba haiwezi kuvaa sura tofauti sehemu kwa sehemu, hivyo kipeo kinatoweka. Kilichobaki ni 2.521. Ikiwa safuwima imepangwa kuonyesha desimali mbili, utaona 2.52 na kudhani kwamba kialama kimekataa tu kuingia, ilhali F7 imeshakuwa 630,250.

Mwingine hugundua kwamba akiipanga seli kuwa `Text` kwanza, au akitanguliza kistari cha juu kabla ya namba, kipeo kinakubali kukaa. Machoni kila kitu ni kizuri: 2.52 na kialama cha 1 juu yake. Lakini seli sasa ni maandishi "2.521", na Excel inayashughulikia maandishi hayo kwa namna mbili zinazopingana. `SUM` ya safuwima ya kiasi inayaruka bila kutoa onyo, kwa hiyo jumla ya zege inapungua kwa mita 2.52. Fomula ya kuzidisha, kinyume chake, inajaribu kuyageuza kuwa namba, inafaulu, na inatumia 2.521. Jedwali moja linakuwa na kosa la kupunguza upande mmoja na kosa la kuongeza upande mwingine, na hakuna ujumbe wowote mwekundu wa kukuamsha. Dalili utakayoiona ni pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya juu ya seli, na namba iliyohamia kushoto wakati wenzake wako kulia, ikiwa hukulazimisha mpangilio. Ukitaka uhakika, andika kando `=ISNUMBER(D7)`. Ikikujibu `FALSE`, kiasi hicho ni maandishi.

Dawa ni kuiacha namba iwe namba na kuongeza alama katika muundo wa kuionyesha. Simama kwenye seli, bonyeza Ctrl na 1, nenda `Number`, chagua `Custom`, na uandike

```
0.00"¹"
```

Seli itaonyesha 2.52¹, upau wa fomula utaonyesha 2.52, na F7 itabaki 630,000. Njia hiyo hiyo inafaa kwa kizio. Badala ya kuandika "2.52 m3" ndani ya seli, jambo linaloigeuza kuwa maandishi, andika 2.52 tupu na upe seli muundo `0.00" m³"`. Alama za kufungia maneno zinahitajika, na ³ lazima iwe ile ya Yunikodi, kwa kuwa muundo wa namba hauna mahali pa kupandisha herufi kwa vazi.

Kwa jedwali ambalo tayari limejaa m3 zilizopandishwa kwa mkono, huhitaji kuanza upya. Chagua seli za vizio na vichwa, bonyeza Ctrl na H, andika m3 kwenye `Find what` na m³ kwenye `Replace with`, kisha `Replace All`. Fahamu tu kwamba badiliko la namna hii hufuta mapambo ya sehemu katika kila seli linayoigusa, na seli nzima huchukua sura ya herufi yake ya kwanza. Kwa kipeo chako hilo ni jema, kwa sababu unataka vazi la zamani livuliwe. Lakini kama katika seli ile ile ulikuwa umekoleza neno moja kwa wino mzito, nalo litapotea, na kama neno lililokolezwa ndilo la kwanza, seli nzima itakolea. Kwa hiyo chagua eneo kwanza badala ya kuliachia zoezi hilo shiti nzima. Ukitaka kujua seli fulani iko upande gani, fomula haiwezi kuona vazi, lakini inaweza kuona herufi:

```
=UNICODE(RIGHT(C7,1))
```

Kwa seli ya kizio inayoishia na kipeo, jibu la 179 lina maana ni ³ halisi, na 51 ni 3 ya kawaida iliyovishwa.

Mkato wa mstari nao una deni lake, na ni kinyume cha lile la kipeo: huu hauachiki njiani. Ukitafuta kichwa chako kwa fomula

```
=MATCH("Kiasi (m³)",A3:F3,0)
```

utapata `#N/A`, ingawa kichwa unakiona, kwa sababu kati ya Kiasi na mabano hakuna nafasi, kuna mkato. Kuhesabu urefu kwa `LEN` hakutakusaidia hapa: Kiasi ni herufi 5, mabano na vilivyomo ni 4, na katikati kuna alama moja, iwe nafasi au mkato, hivyo jibu ni 10 kwa vyote viwili. Uliza namba ya alama ya sita yenyewe kwa `=CODE(MID(D3,6,1))`. Nafasi hujibu 32, mkato hujibu 10. Maandishi yaliyobandikwa kutoka kwenye programu nyingine huweza kuja na 13 ikifuatiwa na 10, na hapo `LEN` itatoa 11, dalili kwamba kuna alama mbili palipopaswa kuwa na moja.

Kuondoa mikato kwa fomula, tumia

```
=SUBSTITUTE(D3,CHAR(10)," ")
```

ambayo inaweka nafasi badala yake. Kazi ya `CLEAN` pia huiondoa, na huondoa ile 13, lakini haiweki kitu, hivyo maneno yanagandana. Na `TRIM` haiigusi kabisa, kwa kuwa inashughulika na nafasi pekee. Ukipendelea Ctrl na H, weka kistari kwenye `Find what` na ubonyeze Ctrl na J. Kisanduku kitaonekana kitupu, pengine na kinukta kidogo kinachometa, lakini mkato umeingia. Andika nafasi moja kwenye `Replace with` na uendelee. Ukimaliza, rudi kwenye kisanduku hicho ubonyeze Backspace, maana Excel hukumbuka kilichoandikwa mara ya mwisho, na utafutaji wako unaofuata hautapata kitu hadi alama hiyo isiyoonekana ifutwe.

Fanya usafi huo hasa kabla ya kuhifadhi jedwali kama CSV kwa ajili ya mfumo mwingine. Faili la aina hiyo linabeba maudhui tu. Vipeo vya vazi huachwa, mikato husafiri. Excel huizungushia seli yenye mkato alama za kufunga na kufungua maneno, na programu iliyotengenezwa vizuri inaelewa kwamba bado ni seli moja. Isiyoelewa itaukata mstari hapo, na kipengele kimoja cha kazi kitasomwa kama rekodi mbili, ya pili ikianza na "(m³)" au "uwiano wa 1:2:4" mahali palipotarajiwa namba ya kipengele.

Ikiwa jedwali litafunguliwa nje ya Excel, kumbuka kwamba vitufe havifanani. Katika Calc ya LibreOffice mkato ni Ctrl na Enter, na sehemu iliyochaguliwa hupandishwa kwa Ctrl, Shift na P. Katika Google Sheets pia mkato ni Ctrl na Enter, lakini hakuna kitufe cha kupandisha herufi, hivyo herufi za Yunikodi ndizo njia ya kutegemea. Mkono uliozoea Ctrl na Enter uwe mwangalifu ukirudi Excel, kwa sababu huko vitufe hivyo hujaza kilichoandikwa katika seli zote zilizochaguliwa kwa pigo moja. Ukifanya hivyo ukiwa umechagua safuwima ya bei, bonyeza Ctrl na Z mara moja kabla ya kufanya jambo lingine.

Kwa jedwali lako, basi, ningeanza na safumlalo ya vichwa: Kiasi, Alt na Enter, (m³) kwa herufi ya Yunikodi. Kisha ningepita safuwima ya vizio kwa Ctrl na H, na safuwima ya kiasi kwa `ISNUMBER`, ili kuhakikisha hakuna namba hata moja iliyogeuzwa maandishi wakati ulipokuwa ukipambana na vipeo. Mwisho ningeiacha fomula ya shiti ya pili kama ilivyo, niwashe `Wrap Text` kwenye seli hiyo, na kichwa kitafika kama kilivyo: mistari miwili, na ³ yake juu.